Nimebadilisha lugha ya WhatsApp, mbona ujumbe wa rafiki yangu bado ni Kifaransa?

*"Rafiki yangu tuliyekuwa tukipanga naye nyumba Kayole amerudi kwao Bujumbura. Kuongea Kiswahili anaongea vizuri, lakini akiandika ni Kifaransa. Niliambiwa nibadilishe lugha ya WhatsApp. Nikaweka Kiswahili, ujumbe wake ukabaki vile vile. Nikaweka Kifaransa, sasa hata mimi sioni njia ya kurudi. Jana kaniandikia: 'Bite ma chère! Dsl pr le retard. J'ai plus d'argent pr le transport. Le chauffeur part mardi en huit. Tu peux m'avancer 150 mille stp? Je te rappelle.' Nikaupeleka kwa Google Translate, ikaniambia ana pesa zaidi. Kama ana pesa zaidi, mbona anakopa? Simu yangu ni Android."*

Dada, kwanza tukutoe huko kwenye Kifaransa. Mengine yatakuwa mepesi ukishaweza kusoma unachokibonyeza.

Fungua WhatsApp. Juu kabisa, upande wa kulia, kuna vidoti vitatu. Vibonyeze, orodha itashuka, na chini kabisa utaona neno Paramètres. Hiyo ndiyo mipangilio. Ukiingia utakuta mistari kadhaa, kila mmoja na kipicha chake upande wa kushoto. Tafuta wenye picha ya tufe la dunia, ulioandikwa Langue de l'application. Ubonyeze, orodha ya lugha itafunguka. Hapa usiogope, kwa sababu kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe: Kiswahili kimeandikwa Kiswahili, Kiingereza kimeandikwa English. Imepangwa hivyo kwa makusudi, ili aliyepotea katika lugha asiyoijua aweze kuiona yake. Chagua, na papo hapo maandishi yatarudi. Hakuna ujumbe hata mmoja utakaopotea.

Kama mstari huo wa tufe haupo kwenye simu yako, pita njia nyingine. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, simu yenyewe ina mahali pa kuchagulia lugha ya kila programu peke yake. Fungua Settings za simu, na kwenye kisanduku cha kutafutia cha juu andika App languages. Kwenye Samsung iko ndani ya General management, kwenye simu nyingine huwa ndani ya System. Utakuta programu zako zimeorodheshwa. Gusa WhatsApp, kisha chagua lugha.

Kitu ambacho hupaswi kukubali ni fundi wa simu akuambie, "Wacha tuifute tuiweke upya, itarudi sawa." WhatsApp ikifutwa kabla hujahifadhi nakala ya mazungumzo yako, mazungumzo hayo yanakwenda nayo. Nimeona watu wakipoteza picha za marehemu wazazi wao kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kubonyeza mara nne.

Sasa, kwa nini kubadilisha lugha hakukugusa ujumbe wa rafiki yako? Wewe si wa kwanza kutarajia hivyo, na kosa si lako, kwa sababu neno "lugha" hapo linabeba mambo mawili tofauti.

Maneno ya programu yenyewe, kama vile Tuma, Futa, Mipangilio, yalitafsiriwa na watu zamani, kabla hujaishika simu hiyo. Kazi yangu mimi ni hiyo hiyo ya kutafsiri maandishi ya programu, kwa hiyo naweza kukueleza inavyokuwa. Mtafsiri hupewa orodha ndefu ya maneno hayo, anaandika Kiswahili cha kila moja, na orodha hiyo inafungwa ndani ya programu pamoja na za lugha nyingine. Ukichagua Kiswahili, programu inaweka kando orodha moja na kushika nyingine. Haijatafsiri chochote wakati huo. Imebadilisha tu vibao.

Ujumbe wa rafiki yako haumo kwenye orodha yoyote. Ameuandika jana, kwa mkono wake, na programu inaubeba kama posta inavyobeba barua. Ukipaka upya ubao wa duka lako, barua iliyoletwa asubuhi haibadiliki kwa sababu hiyo. Kinachochanganya ni kwamba vitu vichache ndani ya mazungumzo hubadilika kweli: neno "Leo" juu ya ujumbe, "anaandika…" chini ya jina lake, au ile taarifa kwamba ujumbe umefutwa. Mtu akiona hayo yamegeuka Kiswahili anadhani na mengine yatafuata. Hayo ni vibao vya programu, hakuyaandika rafiki yako. Na ya kwako hayamfikii yeye. Hata ukiweka Kihindi, kwake Bujumbura hakuna kitakachobadilika.

Kwa hiyo kutafsiri ujumbe ni kazi nyingine kabisa, inayofanywa ujumbe ukishafika. WhatsApp yenyewe ilianza kuweka uwezo huo Septemba 2025. Unaushikilia ujumbe kwa kidole, unachagua Translate, simu inapakua lugha inayohitajika, na tafsiri inafanyika ndani ya simu yako bila ujumbe kutoka nje. Ni mpango mzuri. Lakini ulipoanza, upande wa Android ulikuwa na lugha sita tu: Kiingereza, Kihispania, Kihindi, Kireno, Kirusi na Kiarabu. Kifaransa hakikuwemo, na Kiswahili hakikuwemo. Bonyeza uone kama orodha ya simu yako imeongezeka. Ikiwa haijaongezeka, endelea na Google Translate ulivyofanya, ila kwa uangalifu zaidi kidogo.

Nakili ujumbe mmoja mmoja. Ukichagua ujumbe kadhaa kwa pamoja, WhatsApp inabandika tarehe, saa na jina la mtumaji mbele ya kila mmoja, na takataka hizo zinaichanganya mashine. Na kule Google Translate usiiachie ikisie lugha yenyewe. Upande wa kushoto weka French, wa kulia weka Swahili. Ujumbe wako unaonyesha vizuri sababu, basi tuusome pamoja, neno kwa neno.

Neno la kwanza, Bite, si Kifaransa. Ni Kirundi, na Wanyarwanda pia hulitumia: "Vipi?" Rafiki yako amekusalimia kwa lugha ya kwao kisha akaingia Kifaransa, kama sisi tunavyoanza na "Sasa" na kumaliza kwa Kiingereza. Mashine ikilichukua kama Kiingereza itasema kuuma. Ikilichukua kama Kifaransa itakupa neno la matusi makubwa. Nimewahi kuona urafiki ukitikisika kwa salamu hiyo tu. Ukiona tusi mahali ambapo salamu ingekaa, ujue ni lugha ya pili imeingia. Kata neno hilo, ulipeleke peke yake, na upande wa kushoto uchague Rundi. Kirundi kimo kwenye Google Translate tangu 2024.

Dsl, pr na stp ni mikato, sawa na sisi tunapoandika "cjui" au "xaxa". Dsl ni désolée, samahani. Pr ni pour, kwa ajili ya. Stp ni s'il te plaît, tafadhali. Utakutana pia na slt, yaani salamu, na bcp, yaani sana. Mashine hujifunza kutoka kwa maandishi yaliyokamilika, hivyo mikato mingine inaijua na mingine inairuka au kuibuni. Kuandika upya maneno hayo kwa ukamilifu kabla ya kubonyeza kutafsiri kunachukua nusu dakika, na tafsiri inabadilika kabisa.

Sasa tufike kwenye pesa. J'ai plus d'argent. Kwa maandishi, neno plus linaweza kuwa "zaidi" na linaweza kuwa "tena" la kukanusha. Kifaransa cha shuleni hutofautisha kwa kuweka ne mbele: je n'ai plus d'argent, sina pesa tena. Lakini mtu anayezungumza na rafiki yake huidondosha hiyo ne, na ikishadondoka, "nina pesa zaidi" na "sina pesa tena" huandikwa herufi kwa herufi sawa. Mdomoni hutofautiana, kwa maana plus ya "zaidi" mara nyingi hutamkwa na s mwishoni, ya kukanusha haina. Mashine haisikii mdomo. Ilichagua moja, ikachagua vibaya. Wewe uliitilia shaka kwa sababu maneno yanayofuata ni ya kukopa, na kwa kweli shaka yako hiyo ndiyo iliyokuokoa. Rafiki yako anasema hana pesa tena ya usafiri.

Mtego wa mwisho ni mardi en huit. Huit ni nane, kwa hiyo unaweza kupewa "Jumanne saa nane" au "Jumanne tarehe nane". Maana yake si saa wala tarehe. Ni Jumanne ya wiki ya pili: si hii inayokuja, bali inayofuata baada ya hiyo. Kama leo ni Alhamisi, Jumanne inayokuja iko siku tano mbele, na mardi en huit iko siku kumi na mbili mbele. Kwa mtu anayesubiri mzigo, hiyo ni tofauti kubwa.

Ukiunganisha yote, amekuandikia hivi: "Vipi mpenzi wangu! Samahani kwa kuchelewa. Sina pesa tena ya usafiri. Dereva anaondoka Jumanne ya wiki ya pili. Unaweza kunitangulizia 150,000, tafadhali? Nitakupigia." Hilo la mwisho pia lina pande mbili, maana je te rappelle huweza kuwa "nakukumbusha". Mwisho wa ujumbe wa rafiki, karibu kila mara ni kupiga simu.

Lakini 150,000 za nini? Hakusema. Huenda ni faranga za Burundi, na faranga ya kwao ni ndogo mno mbele ya shilingi yetu. Hapa hata mtafsiri hodari hana la kukusaidia, kwa sababu jibu halimo kwenye maandishi. Ni la kumuuliza mwenyewe.

Namna ya kujipima kila siku, kwa kuwa Kiingereza unakisoma: tafsiri ujumbe mara mbili, mara moja kwa Kiswahili, mara moja kwa Kiingereza. Mashine hizi zimelishwa Kifaransa na Kiingereza kwa wingi, lakini Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja zimelishwa kidogo, kwa hiyo tafsiri ya Kiingereza mara nyingi huwa imara zaidi. Zikikubaliana, endelea. Zikipishana kwenye kiasi cha pesa, siku, au kukubali na kukataa, simama hapo.

Ukitaka kumjibu kwa Kifaransa, mambo ni yale yale kwa upande wa pili. Andika Kiswahili cha barua, si cha stejini. "Nishatuma" iandike "Nimekwisha kutuma". Sheng iweke kando siku hiyo. Tumia sentensi fupi, kila moja na jambo lake. Kisha igeuze tafsiri yako irudi Kiswahili uone imerudi na nini. Na tafadhali, saa usiiandike kwa maneno. Ukisema "nipigie saa nne asubuhi", mashine inaweza kumwandikia saa 4 za alfajiri, kwa sababu haihesabu kutoka jua linapochomoza kama sisi. Andika 10:00. Hata hapo ongeza kama ni ya Nairobi, kwa maana Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwako 10:00 ni 9:00 kwake.

Hata hivyo, nikiwa mkweli kwako, sidhani kutafsiri ndiyo njia bora kwenu wawili. Umesema Kiswahili anaongea vizuri. Anaandika Kifaransa kwa sababu shuleni kalamu yake ilifundishwa Kifaransa, na Kiswahili alikipata mtaani kwa masikio. Basi mwombe atume sauti. Abonyeze ile maikrofoni, aseme Kiswahili chenu cha Kayole, na wewe ujibu hivyo hivyo. Plus itatamkwa, huzuni na mzaha vitasikika, na hakuna mashine itakayokaa kati yenu. Maandishi myaache kwa vitu vinavyotaka kumbukumbu: kiasi, tarehe, jina la dereva, namba ya gari.

Kuna mambo mawili ya usalama. Ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa, anayeweza kuusoma ni wewe na yeye. Ukiunakili na kuubandika kwenye programu ya kutafsiri iliyounganishwa na mtandao, maneno hayo yanakwenda kwenye kompyuta za kampuni nyingine. Kwa salamu si neno. Kwa namba ya kitambulisho, namba za siri au habari za ugonjwa wa mtu, yafute hayo kwanza, au pakua Kifaransa na Kiswahili ndani ya Google Translate ukiwa kwenye waifai, kisha uzime data na waifai unapotafsiri. Tafsiri ya namna hiyo hushuka ubora kidogo, lakini maneno hayatoki kwenye simu. La pili: usiweke zile WhatsApp za kuungaunga zinazosambazwa nje ya Play Store kwa ahadi kwamba zinatafsiri kila kitu. Wenye WhatsApp hufungia akaunti zinazozitumia, na aliyezitengeneza humjui.

Na ombi la pesa lililokuja kwa lugha usiyoisoma usilijibu kwa M-Pesa kabla hujasikia sauti ya mwenyewe. Simsingizii rafiki yako. Lakini akaunti za watu hutekwa, na anayejificha nyuma ya akaunti ya mtu hupenda sana mpokeaji asiyeweza kutofautisha namna rafiki yake anavyoandika. Piga simu, muulize jambo mnalolijua nyinyi wawili tu, kisha uliza kama ni faranga au shilingi.

Siku ikifika akutumie mkataba, karatasi ya mahakama au barua ya hospitali, mashine iweke chini kabisa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha tafsiri na ukalimani, na Alliance Française iko hapo katikati ya jiji, pembe ya Loita na Monrovia. Uliza hapo upate mtu anayesoma Kifaransa na kuweka jina lake chini ya tafsiri. Na kama simu yenyewe bado imegoma kutoka kwenye Kifaransa hata baada ya njia zile mbili, ipeleke kwa mtu akuonyeshe mbele yako, simu ikiwa mkononi mwako, namba ya siri ukiibonyeza mwenyewe.

Kwa sasa mwandikie hivi, ni Kifaransa nilichokiandika mwenyewe na unaweza kukinakili kilivyo: "Bonjour ma chère. J'ai bien lu ton message. 150 mille, c'est en francs burundais ou en shillings? Envoie-moi un message vocal en swahili, s'il te plaît." Yaani: "Habari mpenzi wangu. Nimeusoma vizuri ujumbe wako. 150,000 ni faranga za Burundi au shilingi? Nitumie ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, tafadhali."